Muulize mwajiri: aliyekuwa kwenye kiti hiki alikwenda wapi?

Mwaka 2019 niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu katika kampuni moja ya usafirishaji jijini Dar es Salaam, yenye malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko niliokuwa napata, na mimi nilikuwa nimechoka kazi ya zamani. Jopo lilikuwa la watu wawili, mkurugenzi na dada wa rasilimali watu. Walipofika kwenye lile swali la mwisho, kama nina lolote la kuuliza, niliuliza mawili: aliyekuwa akifanya kazi hii yuko wapi, na mimi nikiingia natakiwa kutimiza nini hasa.

La kwanza mkurugenzi alilijibu akiwa tayari anafunga faili langu. "Vijana wa siku hizi hawatulii," akasema. Yule dada hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. La pili alilijibu hivi: "Utashika masuala ya fedha, na kitu chochote kitakachojitokeza. Hapa sisi ni familia." Nikatabasamu, nikashukuru, na wiki iliyofuata nikaandika barua ya kuacha kazi niliyokuwa nayo.

Siku ya tatu kazini nilifungua mafaili ya vocha za malipo. Kila vocha ina sehemu ya chini iliyoandikwa "Imeandaliwa na", ambapo mhasibu huweka jina na sahihi. Nikaanza kufunua kurudi nyuma. Jina la kwanza lilikuwa na miezi mitatu. La pili, miezi mitano. La tatu lilikuwa na wino wa kijani na lilidumu wiki sita tu. Ndani ya miezi kumi na moja kiti kile kilikuwa kimekaliwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeacha karatasi ya makabidhiano.

Sababu niliielewa mwisho wa mwezi. Posho za madereva na fedha za dizeli zilikuwa zikitoka kwa neno la mkurugenzi kwenye simu, bila risiti, na mhasibu ndiye aliyetakiwa kutafuta namna ya kuziandika vitabuni ili wakaguzi wakija wasiulize. Ukikataa, wewe ni mgumu. Ukikubali, sahihi ni yako. Ndipo nilipoona kwamba yale majibu mawili ya usaili yalikuwa jibu moja. Kazi haikuelezwa kwa sababu ikielezwa ingekuwa na mipaka, na mhasibu mwenye mipaka angekuwa na haki ya kusema "hii sisaini". Na kwa kuwa haikuwa na mipaka, kila aliyeingia alitoka.

Tangu hapo nimekaa kwenye usaili mara nyingi, pande zote mbili za meza, na nimejifunza kwamba swali la mtangulizi linategemea sana namna unavyoliuliza. Ukiuliza kavu "kwa nini aliondoka?" unamfanya mwajiri ajihami, na pengine kweli hawezi kukuambia, kwa sababu mtu anaweza kuwa ameondoka kwa ugonjwa au matatizo ya nyumbani, na hayo ni siri yake. Mimi siku hizi napitia mlango wa makabidhiano. Nasema: "Ningependa kujua aliyekuwa kwenye nafasi hii alikaa muda gani, na kama nitapata nafasi ya kukabidhiwa kazi naye." Hapo hujamtuhumu mtu. Umeuliza jambo la kikazi ambalo kila mwajiri makini amekwisha kulifikiria.

Kisha sikiliza kama jibu lina muda, lina mahali na lina mtu anayeishika kazi hiyo sasa. Sababu ya kuondoka inaweza kuwa siri, lakini muda aliokaa mtu si siri. Mwajiri anayekwepa hata hesabu ya miaka ana kitu anachokizunguka. Na akianza kuwalaumu waliotoka, wote kwa pamoja, kwamba ni wavivu au hawatulii, jiulize ni nani aliyewachagua wote hao.

Kama usaili una hatua mbili, uliza swali lile lile kwa watu wawili tofauti. Mara moja niliambiwa na meneja kwamba nafasi ni mpya kabisa, haijawahi kuwa na mtu. Siku ya pili mkuu wa idara akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba nitatumia kompyuta ya "yule aliyepita". Sikuendelea nao.

Hata hivyo usikimbie kwa jibu moja. Watu kuondoka wengi kwa mpigo kunaweza kuwa na sababu safi. Miradi ya wafadhili huisha na mikataba yake, na biashara za msimu kama hoteli za pwani hupunguza watu mvua za masika zinapofika. Tofauti ni kwamba mwenye sababu safi huitaja bila kuvutwa. Nafasi mpya nayo inaweza kuwa haijakaa sawa bado, na hilo si kosa. Muulize tu ni tatizo gani lililowafanya waamue kuajiri. Akilitaja tatizo, kazi ipo. Akirudi kwenye "kusaidia hapa na pale", utakuwa mtu wa kuzibia mapengo, na lawama za kila pengo zitakuwa zako.

Kabla hujaacha kazi uliyonayo, omba maelezo ya kazi kwa maandishi. Kwa hapa Tanzania huombi fadhila: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo yake ya ajira anapoanza kazi, yakiwemo maelezo ya kazi yenyewe, mahali, saa za kazi na malipo. Na kuna jambo wengi hawalijui. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo hiyo kinamwacha nje ya kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Wale watangulizi wangu watatu wote walitoka kabla ya muda huo. Kwa hiyo unapotoka mahali ulipokaa miaka na kuingia mahali pasipoeleweka, unaacha kinga uliyokuwa nayo na kuanza upya.

Mimi pale kwenye malori nilikaa miezi minne. Usaili uliofuata ulikuwa wa kampuni ndogo ya pembejeo, na niliuliza maswali yale yale mawili. Mama aliyekuwa mwenyekiti wa jopo alinijibu bila kupepesa: aliyekuwepo alikaa miaka minne, amehamia Mwanza kwa sababu za kifamilia, na wiki moja atakuja kunikabidhi. Kisha akasema, "Shida yetu ni kwamba tunafunga vitabu vya mwezi tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Tunataka ndani ya miezi mitatu uturudishe kwenye tarehe 10. Na nikwambie mapema, watu wa stoo huchelewesha taarifa zao, utagombana nao kidogo."

Alikuwa amenitajia ubaya wa ofisi yake kabla sijauuliza. Siku iliyofuata maelezo ya kazi yalinifikia, ukurasa mmoja na nusu, tarehe 10 ikiwa imeandikwa humo. Siku mbili baada ya kuyasoma ndipo nilipokubali.