Praktikali ya pendulamu kwa video ya simu: g imetoka 15.2, kosa liko wapi?

*"Wakuu, nimerekodi pendulamu ya mita 1 darasani kwa simu. Nimehesabu fremu za mibembeo 20, nikagawanya kwa 30 kwa sababu kamera imeandikwa 30fps. Kipindi kimetoka sekunde 1.61, g ikawa 15.2. Uzi nimeupima mara mbili. Nimekosea wapi?"*

Mkuu, uzi hauna kosa, na fremu umezihesabu sawasawa. Zidisha 1.61 kwa 30 utaona kila mbembeo ulichukua fremu 48.3. Pendulamu ya mita 1 huku kwetu karibu na ikweta, ambako g ni kama 9.78, inatakiwa itumie sekunde 2.01. Sasa gawanya 48.3 kwa 2.01: ni 24. Simu yako ilikuwa ikipiga fremu 24 kwa sekunde, wewe ukaihesabia 30.

Kilichofanya hivyo ni giza la darasa. Mwanga ukipungua, simu nyingi huipa kila fremu muda mrefu zaidi wa kukusanya mwanga, na hivyo fremu zinakuwa chache bila wewe kuambiwa. Tena idadi inaweza kubadilika katikati ya video, wingu likipita tu dirishani. Ndiyo maana hata kugawanya kwa 24 sikushauri.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kurekodi upya. Ndani ya faili kila fremu imebeba muda wake. Ukiwa na programu ya ffmpeg kwenye kompyuta, andika:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 pendulamu.mp4
```

Utapata mstari mmoja kwa kila fremu, wenye muda wake kwa sekunde. Tofauti ya mstari na mstari ikiwa 0.033, ni fremu 30, ikiwa 0.042, ni 24. Tumia faili halisi kutoka kwenye simu. Iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida imeshakandamizwa upya, kwa hiyo itume kama hati. Asiye na kompyuta aweke simu ya pili yenye stopwochi nyuma ya uzi, ionekane kwenye video, asome muda hapohapo.

Jambo la pili ni mahali pa kusomea. Wengi husimamisha video gololi ikifika mwisho wa upande, kwa kuwa pale inaonekana imetulia. Utulivu huo ndio unaowaponza. Ukiivuta sentimita 17 pembeni (kama nyuzi 10), karibu na ukingo gololi husogea milimita 1 tu katika fremu nzima, hivyo huwezi kujua ni fremu ipi iliyogeukia. Pale chini kabisa inasogea karibu sentimita 1.8 kwa fremu. Bandika karatasi yenye mstari mweusi wa wima nyuma ya uzi uliotulia, usome uzi unapoukata mstari. Ikitokea fremu moja gololi iko sentimita 0.6 kabla ya mstari, na inayofuata iko 1.2 baada yake, imevuka theluthi moja ya njia. Ongeza theluthi ya muda wa fremu.

Hesabu inapovuka kuelekea upande uleule tu. Kamera ikiwa imekaa kombo kidogo, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi hazitalingana, lakini mbembeo kamili hauguswi. Na mvuko wa kwanza ni sifuri, si moja. Ukianza na moja, mibembeo 20 utaiita 21, na g itatoka karibu 10.8. Nikiona 10.8 kwenye ripoti huwa siulizi kingine.

Tuseme mvuko wa sifuri uko sekunde 1.26, wa 20 uko 41.42. Tofauti ni 40.16, kipindi 2.008, na g = 4π²L/T² inatoa 9.79. Hata ukikosea fremu moja nzima ya 0.033, ukigawanya kwa 20 kosa la kipindi halifiki sekunde 0.002, na g inayumba kwa 0.02 hivi. Usiivute zaidi ya nyuzi 10, maana kwa nyuzi 30 kipindi hurefuka kwa asilimia 1.7 na g inashuka hadi 9.45 au hapo.

Kwa hiyo kwenye sehemu ya makosa usiilaumu kamera, ogopa rula. Milimita 5 kwenye urefu zinahamisha g kwa 0.05, zaidi ya mara mbili ya kosa la fremu. Urefu unapimwa kutoka uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi, si hadi kwenye fundo. Na uzi ubanwe kati ya vipande viwili vya mbao: ukiufunga kwenye msumari, unajizungusha na kujifungua kidogo kila unapobembea, na urefu unabadilika.