Maji ya hamira: mkono wangu ulivyonidanganya Njombe

Nilijifunza kupika mkate Dar es Salaam, na kule kipimo cha maji ya hamira kilikuwa kidole. Ukichovya ukasikia uvuguvugu, unatia hamira, na mkate unaumuka. Nikahamia Njombe mwezi wa sita na kidole changu kilekile, nikaharibu mikate siku mbili mfululizo.

Siku ya kwanza unga ulikaa masaa matatu bila kuongezeka. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja kuazima ungo akaukuta ule unga pale mezani. Akaubonyeza kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, maji uliyapima kwa mkono uliotoka kufua?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akacheka. Mkono uliotoka kwenye maji ya baridi husikia hata maji yaliyopoa kuwa ya moto. Niliyoyaona ya uvuguvugu yalikuwa karibu baridi.

Kesho yake nikafidia kwa pupa. Nikamimina maji kutoka kwenye chupa ya chai, nikayapoza kidogo tu, nikatia hamira. Dakika kumi zikapita bila povu. Hamira ilikuwa imezama chini ya kikombe kama tope la kahawia, na juu maji yametulia. Hiyo ilikuwa imekufa. Nikajidanganya kwamba itaamkia kwenye unga, nikakanda hivyo hivyo. Nilipata kitu cha kugongea misumari.

Baadaye nilinunua kipimajoto cha jikoni, na ndipo nikaelewa. Hamira kavu ya chembe kubwa, ile inayolazimu kuloweka kwanza, inataka maji ya nyuzi 38 hadi 43. Yakipanda kupita 50 inaanza kuumia, na yakikaribia 60 inakufa. Upande wa baridi haifi, inazubaa tu. Ila kuna hasara moja ambayo wengi hawaijui: chembe hizo zimekaushwa, na ngozi yake inahitaji joto ili ijirudi vizuri inapolowa. Ukizilowesha kwa maji baridi, vilivyomo ndani huvuja, na baadhi ya hivyo hulegeza unga. Ndiyo maana ule wa siku ya kwanza, mbali na kuchelewa, ulikuwa unanata mikononi na kutandaa badala ya kusimama. Mimi nililaumu ngano.

Huna kipimajoto? Changanya kwa vikombe. Dar, maji ya bomba yanaweza kufika nyuzi 30, basi kipimo kimoja cha maji yanayochemka kwa vitano vya bomba hukupa kama 42. Kwangu Njombe asubuhi ya mwezi wa saba nilipima maji ya bomba nikakuta 14. Na huku juu maji huchemka kabla ya kufika 100, kwenye 93 hivi. Kwa hiyo kipimo kimoja cha moto kwa viwili vya baridi kinatoa 40. Ningetumia hesabu ya Dar ningeishia 27. Tangulia na maji ya baridi kwenye kikombe, fuatisha ya moto, koroga, hamira iwe ya mwisho. Kikombe cha udongo kilichokesha kwenye baridi kisuuze kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu nacho kinanyonya joto. Kisha dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Ukisikia moto kidogo tu, yako tayari. Ukiyasikia yanachoma, subiri.

Kwa nusu kilo ya unga ninaloweka vijiko viwili vya chai vya hamira na kimoja cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji hayo. Chumvi inabaki kwenye unga. Ndani ya dakika kumi povu zito linapanda na harufu inakuwa kama ya pombe changa. Lisipopanda, mwaga, umepoteza hamira tu, unga bado upo. Hamira ya chembe laini inachanganywa moja kwa moja na unga mkavu, na hiyo huvumilia zaidi kwa kuwa unga unapoza maji, lakini ya kuchemka usiijaribie.

Kama umeshakanda na unga haujaumuka, usiutupe kabla hujajua ni baridi au ni kifo. Kata donge la ukubwa wa yai, liweke kwenye kikombe, kikombe kisimame ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Likivimba, unga wako una baridi tu: usogeze karibu na jiko la mkaa, sufuria ukiizungusha mara kwa mara, ungoje. Lisipovimba, loweka hamira mpya kwenye robo kikombe cha maji, subiri povu, kisha ikande kwenye unga ule pamoja na konzi ya unga mkavu. Mwanzoni utateleza na kukatikakatika vibaya. Endelea kukanda, baada ya dakika kama tano unashikana.