Jibu: Intafesi ya kwanza, anza na geini

"Nina maiki moja ya dainamiki na gitaa la umeme, narekodi peke yangu. Nichukue intafesi ya inputi 2 au 8? Na yenye USB-C ina sauti nzuri zaidi?"

Mambo vipi mkuu. Inputi 2 zinakutosha, ila moja iwe na swichi ya Inst, yaani ya ala kama gitaa, maana gitaa ukilichomeka kwenye laini ya kawaida linapoa, ile treble inapotea. Cha kuangalia kwanza ni geini ya priampu, yaani uwezo wake wa kukuza sauti ya maiki, kwa sababu dainamiki inatoa sauti ndogo sana, mimi ya kwanza ilikuwa na desibeli 50 tu, nikiongea taratibu nalazimika kufungua nobu mpaka mwisho na bado wimbi liko chini, nikiliinua kwenye programu shhhh inapanda nalo. Tafuta desibeli 60 kwenda juu, halafu linganisha EIN, yaani kelele ya priampu yenyewe, ikiwa karibu na -128 dBu ni safi. Konvata, ile inayogeuza sauti kuwa dijitali, usiumize kichwa, biti 24 zipo karibu kwenye zote siku hizi. USB-C ni umbo la tundu tu, haigusi sauti, na kwa chaneli 2 hata USB 2.0 inabeba bila shida. Kama unatumia Windows hakikisha ina draiva yake ya ASIO, la sivyo utajisikia kwa kuchelewa.