Mbona mwanga wa wateja 32 haugongani kwenye uzi mmoja?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nimeanza kazi ya kuunganisha fiba majumbani, mtandao wa GPON, splita ya 1:32. Data zinazoshuka naelewa, zinagawanywa kwa wote. Zinazopanda ndizo zinanichanganya: wateja wote wanarudisha mwanga wa aina moja kwenye uzi mmoja, mwingine yuko kilomita 1.2, mwingine 9. Inakuwaje wasigongane? Halafu nina mteja mpya wa kilomita 9 anayepokea -19 dBm, lakini taa ya PON inapepesa tu, na majirani zake wameanza kukatikakatika.

Jibu: Marahaba. Tuanzie kwenye splita, maana wengi hudhani inafanya kazi kubwa kuliko inavyofanya. Ni kioo tu, haina umeme wala akili. Kila inapogawa mwanga mara mbili, nusu ya nguvu inabaki kila upande, yaani unapoteza desibeli 3. Kufika 32 unagawa mara tano, hiyo ni desibeli 15, na ukiongeza upotevu wa kifaa chenyewe unakaribia 17. Mwanga unaotoka kwa mteja kurudi kwenye mtambo nao hupoteza desibeli 17 zile zile, ingawa haugawanywi kwa mtu. Splita haijui kukusanya mwanga. Kwenye kila makutano, nusu tu ya unaotoka mguu mmoja huingia kwenye uzi mkuu, nusu nyingine hupotelea kwenye kioo.

Jambo la pili ndilo lenye jibu lako. Mwanga wa mteja mmoja unakwenda kwenye OLT, yaani ule mtambo wa mtoa huduma, hauendi kwa jirani. Kwa hiyo ONU, yaani sanduku la mteja, haiwezi kusikiliza kama njia iko wazi kabla ya kutuma, kwa sababu haisikii chochote isipokuwa OLT. Hakuna namna ya wateja kupangana wenyewe. Lazima OLT igawe zamu, na ONU iliyo sawa huzima leza yake kabisa mpaka zamu yake ifike.

Zamu hizo hutangazwa ndani ya data zinazoshuka, katika fremu inayorudiwa kila mikrosekunde 125: fulani aanze nukta hii aishie pale, fulani anayefuata aanze hapa. Mwenye mengi ya kutuma hupewa nafasi ndefu, aliyelala hupewa kipande kidogo. Kati ya mmoja na mwingine huachwa upenyo mdogo ili leza ya kwanza izime, ya pili iwake, na OLT ipate kuzoea nguvu tofauti ya mwanga mpya.

Sasa tuchukue wateja wako wawili. Mwanga ndani ya fiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita, yaani 10 kwenda na kurudi. ONU yenyewe huchukua kama 35 kabla ya kujibu. Wa kilomita 1.2 jibu lake hufika baada ya 12 + 35, yaani mikrosekunde 47. Wa kilomita 9 ni 90 + 35, yaani 125. Tuseme OLT imempa wa karibu mikrosekunde 60 za kwanza za fremu, na wa mbali zilizobaki. Bila marekebisho, wa mbali ataanza kusikika OLT kwenye mikrosekunde ya 60 + 125, ambayo ni 185. Wa karibu, kwa zamu yake ya fremu inayofuata, ataanza kusikika kwenye 125 + 47, yaani 172, na ataendelea hadi 232. Ratiba ilikuwa safi kwenye karatasi, lakini mwanga wao umegongana.

Ndiyo maana kila ONU hupimwa umbali kabla ya kuruhusiwa kutuma chochote cha mteja. OLT husimamisha zamu za wote kwa muda mfupi, kama mikrosekunde 250 kwa mtandao wa kilomita 20, kisha huita: nani mpya yupo? ONU mpya hujibu kwa namba yake ya utambulisho, lakini kwanza husubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha. Umeme ukirudi mtaa mzima, sanduku zote huamka pamoja; bila kubahatisha huko zingegongana kila zinapoitwa. Ikishatambuliwa hupewa kitambulisho, huitwa tena peke yake, na OLT hupima jibu limechukua muda gani.

Kutokana na kipimo hicho OLT humwambia kila mmoja achelewe kiasi gani ili wote waonekane wako umbali mmoja. Kama lengo ni mikrosekunde 250, wa karibu ataambiwa asubiri 203 zaidi na wa mbali 125. Kuanzia hapo kila zamu inafika ilipopangwa. Usahihi unaotakiwa ni wa ajabu: biti moja inayopanda huchukua nanosekunde 0.8, na sentimita 8 tu za uzi wa ziada, kwenda na kurudi, zinatosha kuchelewesha kwa biti nzima. Fiba ikipata joto mchana muda hubadilika pia, kwa hiyo OLT huendelea kufuatilia na kusahihisha hata baada ya kusajili.

Kuhusu mteja wako. Taa ya LOS ingekuwa nyekundu kama mwanga haumfikii; yeye -19 dBm ni nzuri sana, mpaka -27 kifaa cha kawaida cha daraja B+ husoma. Lakini kipimo hicho ni cha mwanga unaoshuka, hakithibitishi kwamba unaopanda unafika. Angalia kwenye OLT hali ya ONU yake: ikikwama `O3` haijatambuliwa, ikikwama `O4` inashindwa kupimwa umbali, `O5` ndiyo kazini. Angalia pia kama mlango huo wa PON umewekewa kikomo cha umbali kilicho chini ya urefu halisi wa uzi. Kumbuka ni urefu wa uzi, siyo wa barabara. Jibu linalofika baada ya muda wa ukimya kwisha halihesabiki.

Ila majirani kukatika kunanifanya nimshuku mwingine: kuna ONU ambayo leza yake haizimi. Inamwaga mwanga kwenye zamu za wote. Walioko kazini wanapata makosa, na mpya hasikiki kabisa kwa sababu muda wa ukimya hauna ukimya. Huenda si hata ya mteja huyu mpya.

Nenda kwenye splita na chomoa miguu mmoja mmoja huku mwenzako akitazama OLT, ukianza na wa mteja mpya. Kila unapochomoa subiri kidogo kabla ya kurudisha. Wengine wakitulia, umempata. Kisha nenda kwa huyo mteja, chomoa uzi wa ukutani, na unganisha ONU yake moja kwa moja kwenye mita ya mwanga iliyowekwa 1310 nm, wala usichungulie konekta kwa jicho. ONU isiyopokea mwanga wa OLT hairuhusiwi kutoa hata chembe, kwa hiyo mita inatakiwa isome giza. Ikisoma +2 dBm bila kutikisika, leza imekwama. Kuizima na kuiwasha huenda kukaituliza kwa saa chache tu. Badilisha sanduku, halafu rudi kwenye OLT uone mteja wa kilomita 9 akipita `O4` na kuingia `O5`.