Bima Inauliza Kwa Nini Mlitoza Mara 15? Shika Kalenda Kwanza

Dada mmoja wa Bukavu ameniandikia: bima imesimamisha fakture ya hospitali yao kwa "tendo moja kurudiwa", na mkubwa wake anataka barua ya kujibu kabla ya Ijumaa. Dada, mimi nilipita hapo, na nilianguka vibaya.

Ilikuwa hapa Lubumbashi, fakture ya Julai 2024. Mgonjwa wetu wa figo alikuwa anasafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tulitoza seansi 15. Mkaguzi wa bima alipiga wiki 4 mara 3, akapata 12, akasema 3 zilizobaki ni marudio. Nilikasirika. Nikaandika kurasa mbili juu ya heshima ya hospitali yetu, bila tarehe hata moja. Wakajibu kwa mistari miwili, fakture nzima ikabaki pale pale. Mkubwa aliisoma barua yangu mbele ya watu wote. Bado inaniuma.

Ndipo nikashika kalenda. Julai ile ilianza Jumatatu na ina siku 31: Jumatatu 5, Jumatano 5, Ijumaa 4. Jumla 14. Kumbe mkaguzi alikosea 2, na sisi 1!

Hiyo moja niliikuta kwenye karatasi ya seansi ya tarehe 17. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, damu ikaganda ndani ya kichujio. Muuguzi akaweka kichujio kipya, akamalizia muda uliobaki. Vibandiko vya kichujio viwili, lakini uzito wa mgonjwa akiingia ni mmoja na akitoka ni mmoja: hiyo ni seansi moja. Keshia alihesabu vibandiko. Na mkataba wetu unalipa kwa seansi, kichujio kikiwa ndani ya bei, kwa hiyo hata kile cha pili hatukuwa na haki ya kukidai.

Barua ya pili ilianza na jibu lenyewe: "Kati ya seansi 15 mlizouliza, 14 zilifanyika, ile ya tarehe 17 tuliitoza mara mbili kwa kosa letu, na tunaiondoa." Chini yake jedwali: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, uzito kabla na baada, saini ya muuguzi. Nyuma nikabana kopi ya agizo la daktari la mara 3 kwa wiki na fakture iliyosahihishwa.

Jina la mgonjwa sikuandika, namba yake ya bima tu. Majibu ya maabara sikuyagusa. Daktari mshauri wa bima akiyahitaji, ayaombe kwa daktari wetu, yaende kwenye bahasha iliyofungwa. Ninyi mnaotuma faili nzima ili mwaminike, acheni! Karani wa bima ana kazi gani na homa ya ini ya mtu?

Walilipa zote 14. Barua hiyo mkubwa hakuisoma mbele ya mtu yeyote.