Alama za COMPAS: hesabu mbili za kweli zinazopingana

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Waandishi wa ProPublica walisema alama za COMPAS, zinazotumika Marekani kukadiria kama mshtakiwa atarudia kosa, zinawaonea watu weusi, na kampuni iliyozitengeneza ikajibu kwamba hazibagui. Wote walitumia takwimu zilezile, na dodoso linalotumika kuzikokotoa alama haliulizi rangi ya mtu. Nani anasema uongo?

Jibu: Hakuna aliyesema uongo. Kila upande uligawa kwa kigawanyo chake, na hapo ndipo tofauti ilipozaliwa.

Takwimu hizo zilitoka Kaunti ya Broward, Florida, ambako alama hizo, kuanzia 1 hadi 10, zilikuwa zikifika mbele ya hakimu alipokuwa akiamua kama amwachie mshtakiwa kabla ya kesi kusikilizwa. ProPublica, katika uchunguzi waliouchapisha Mei 2016, waliwafuatilia washtakiwa kwa miaka miwili na kuwahesabu wenye alama 5 na kuendelea kuwa ndio walioonekana hatari. Walianza na watu ambao hawakukamatwa tena, wakauliza ni wangapi kati yao walikuwa wamepewa alama hizo za juu: kwa weusi walikuwa karibu 45 katika kila 100, na kwa wazungu karibu 23. Kampuni, ambayo wakati huo iliitwa Northpointe, ilianzia upande wa pili, yaani kwa waliopewa alama za juu, ikauliza ni wangapi walikamatwa tena. Kwa weusi walikuwa 63 katika 100, na kwa wazungu 59, tofauti ambayo ni ndogo.

Ili uone jinsi majibu hayo mawili yanavyoweza kukaa pamoja, chukua makundi mawili ya kubuni yenye watu 100 kila moja. Katika kundi la kwanza watu 50 watakamatwa tena, na katika la pili 30. Tuseme alama inawataja watu 60 wa kundi la kwanza kuwa hatari na inapatia kwa 36, kisha inawataja 30 wa kundi la pili na kupatia kwa 18. Kote imepatia kwa asilimia 60, kwa hiyo kampuni itasema kipimo ni kilekile. Sasa wageukie waliosingiziwa. Kundi la kwanza lina watu 24 waliotajwa bure kati ya 50 ambao hawakukamatwa, karibu nusu yao. La pili lina 12 kati ya 70, ambao hawafiki hata mmoja katika watano. Ukirekebisha kipimo ili sehemu ya waliosingiziwa na sehemu ya waliokosewa kwa kuachwa zilingane kote, usahihi wa alama utaacha kulingana. Maadamu viwango vya kukamatwa tena vinatofautiana na kipimo si kamilifu, huwezi kuvipata vyote kwa pamoja, na jambo hilo limethibitishwa kihisabati. Huko Broward viwango hivyo vilikuwa asilimia 51 kwa weusi na 39 kwa wazungu.

Swali la rangi ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu hapo upendeleo hauonekani kwenye karatasi. Dodoso lina maswali 137, ingawa alama ya kurudia kosa haitegemei yote, na mojawapo linauliza kama mzazi wako aliwahi kufungwa. Mtu aliyekulia mtaa unaopigwa doria kila siku atajibu ndiyo kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, tatizo kubwa liko kwenye kitu kinachotabiriwa. Kinachoandikwa ni kukamatwa, si kutenda kosa. Kwa takwimu za mwaka 2010, Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kukamatwa kwa kupatikana na bangi kuliko mzungu, ilhali viwango vya utumiaji vilikaribiana. Kwa hiyo ile asilimia 51 haitenganishi mwenendo wa watu na mwenendo wa polisi, na kampuni inapojivunia kwamba alama yake inapatia, inajivunia kutabiri yote mawili yakiwa yamechanganyika.

Kwa upande wa sheria, soma kesi ya Loomis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin mwaka 2016. Mshtakiwa alilalamika kwamba hawezi kupinga alama ambayo ukokotoaji wake ni siri ya biashara. Mahakama iliruhusu alama itumike katika kutoa adhabu, mradi isiwe ndiyo inayoamua, na ikaagiza ripoti iambatanishwe na tahadhari, ikiwemo ya siri hiyo. Kwangu agizo hilo ni jepesi mno, kwa kuwa hakimu akishaiona 8 hawezi kujifanya hakuiona. Wakili anayetaka kuibana alama aombe idadi kamili kwa kila kundi: waliotajwa wakakamatwa, waliotajwa wasikamatwe, walioachwa wakakamatwa, na walioachwa wasikamatwe. Kwa namba hizo nne anaweza kupiga hesabu za pande zote mbili mwenyewe, bila kuhitaji fomula ya kampuni.