Nilisafiri wiki tano, wenzangu wananidai theluthi ya umeme na intaneti

*Anti, shikamoo. Tunaishi wasichana watatu Sinza, nyumba moja, LUKU moja. Agosti 3 niliondoka kwenda Moshi kumuuguza mama, nikarudi Septemba 7. Siku naondoka mita ilikuwa na uniti 4, niliporudi nikakuta 10. Katikati wenzangu walinunua umeme wa 20,000 mara nne, na wakalipia intaneti ya mwezi 60,000. Sasa wananitaka 46,700. Umeme sikuwasha hata taa, na intaneti nilinunua vifurushi vyangu kule kule. Mmoja wao ameacha kunisalimia. Nilipe kitu ambacho sikukitumia?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na intaneti, kwa sababu hapo wenzako wana haki kamili. Lipa 20,000 yako leo, kabla hamjafungua mjadala wa umeme. Kifurushi cha mwezi hakipungui bei kwa kuwa mtu mmoja hayupo. Mlikubaliana watatu kukibeba, na ukijitoa ukiwa njiani, wawili wanabebeshwa 30,000 kila mmoja bila kuulizwa. Vifurushi vya Moshi ni gharama ya safari yako, kama nauli. Ungekuwa na hoja kama ungewaambia mapema, "Mwezi huu sitakuwepo, tushuke kifurushi cha chini," wakakataa. Hukusema, na kwa hali uliyoondoka nayo sikulaumu, lakini deni linabaki.

Umeme ni habari nyingine, kwa sababu LUKU inahesabu kinachotumika. Ila usiwaambie wenzako kwamba hukutumia kitu. Chakula chako kilikuwa kwenye friji? Rauta ilikuwa inawaka usiku na mchana? Taa ya kibarazani iliwashwa kila jioni kulinda nyumba yenye vitu vyako? Huo ndio umeme wa nyumba, nao unakwenda hata mkiondoka wote watatu. Umeme wa pili ni wa mtu: pasi, jagi la kuchemshia maji, feni ya kulalia, televisheni. Huo wa pili hauna sehemu yako kwa siku zote 35.

Sasa tutenganishe. Msihesabu hela mlizotoa, hesabuni uniti zilizoliwa, maana umeme ulionunuliwa si lazima uwe umekwisha. Fungua meseji za manunuzi yale manne ujumlishe uniti. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, 20,000 hutoa kama uniti 56. Lakini ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo manunuzi mawili, ya kwanza ya Agosti na ya kwanza ya Septemba, kila moja litakuwa limetoa kama 52. Jumla ya yote manne ni uniti 216. Ongeza zile 4 ulizoziacha, toa 10 ulizozikuta, na nyumba imekula uniti 210. Ni uniti 6 kwa siku.

Katika hizo 6, za nyumba ni ngapi? Hapa ndipo watu wanapogombana kwa kukisia, na hakuna haja ya kukisia. Chagueni siku ambayo wote mko kazini. Wa mwisho kutoka asome uniti zilizobaki, pamoja na zile tarakimu za baada ya nukta, na wa kwanza kurudi asome tena kabla hajawasha chochote. Kama kwa saa kumi imeshuka 0.8, basi kwa siku nzima ni 1.9, na ukiongeza taa ya nje ya usiku unafika 2. Nimetumia 2 kwa sababu friji ya kawaida hula kama uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, na rauta kama robo. Mkipata 3 badala ya 2, aminini mita, msiniamini mimi. Na ikitoka kubwa kuliko hiyo, angalieni mpira wa mlango wa friji. Ukilegea, mashine haipumziki.

Uniti 2 kwa siku 35 ni 70. Gawanya kwa watatu, yako ni 23 na kidogo. Kisha zile 10 zilizobaki wamezinunua wao, na tangu umerudi unazitumia. Wewe uliwaachia 4 za pamoja, tofauti ni 6, theluthi yake ni 2. Jumla unadaiwa uniti 25 na kidogo. Kwa shilingi 357 kwa uniti, ni kama 9,000. Weka na 20,000 ya intaneti, unalipa 29,000.

Uniti 140 zilizobaki ni za wawili hao, na usiulize nani alipiga pasi sana au mgeni wa nani alilala wiki nzima. Hilo ni lao.

Ile kodi ya jengo, 3,000 kwa miezi miwili, si ya kwako wala ya wenzako. Ni ya mwenye nyumba, imepita tu kwenye mita yenu. Tunzeni meseji, zinaonyesha makato, mkae naye ikatwe kwenye kodi ya pango. Wapangaji wengi wanaibeba mwaka mzima bila kujua.

Niliwahi kukaa Magomeni, wapangaji sita kwenye mita moja, na nikasafiri kama wewe. Niliporudi nikakataa kulipa hata senti. Nilichokuwa sikijui ni kwamba umeme ulikatika saa tano usiku, na mwenzangu mwenye mtoto mchanga akatoka peke yake kutafuta wakala. Alichokuwa ananidai moyoni hakikuwa hela. Huyo asiyekusalimia, mwulize wiki hizo tano zilikuwaje kwake kabla hujamwonyesha hesabu. Ulikuwa na mgonjwa, naye anajua, lakini hata yeye alibaki na nyumba.

Ukishamsikiliza, andika kwenye kundi lenu kwa maneno mafupi kama haya: "Jamani, intaneti nimeshatuma 20,000, asanteni kwa kunishikia. Umeme naomba tupige hesabu pamoja: friji, rauta na taa ya nje tugawane watatu, vingine ni vya waliokuwepo. Kesho wote tunatoka, tusome mita asubuhi na jioni. Ikizidi nilivyohesabu, naongeza." Hilo la kuongeza lisiwe la mdomo tu. Mita ikisema 3 kwa siku, deni lako la umeme linapanda hadi kama 13,000, na ulilipe bila kununa.

Na siku yoyote mmoja wenu atakaposafiri tena, apige picha ya kioo cha mita akiwa na begi mkononi, aitume kwenye kundi, na achomoe kila kitu chumbani kwake. Akirudi apige nyingine. Safari ya wiki moja au pungufu msiihesabu kabisa, kila mtu atakuwa na zamu yake ya kwenda kwao. Ikizidi hapo, picha mbili na meseji za LUKU zinatosha kumaliza hesabu kabla chai haijapoa.

Mama anaendeleaje? Niandikie.